Zamu Iliyopotea: Toni ya Ujumbe Andishi na Kudumu kwa Kinyongo katika Timu za Masafa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ujumbe mfupi wa kazi, ulioandikwa bila nia mbaya, unavyoweza kuzaa kinyongo cha muda mrefu baina ya watu wanaofanya kazi pamoja bila kuonana. Hoja inayotetewa ni kwamba kusoma toni vibaya ni mwanzo tu wa tatizo. Kinyongo hudumu kwa sababu maandishi humnyima mwandishi nafasi ya kugundua kwamba ameeleweka vibaya, na kwa sababu aliyeumia huanza kujibu kwa vitendo ambavyo mwenzake huvisoma sawasawa. Kisa kimoja cha timu ya tafsiri ya Kiswahili kinachambuliwa kwa kutumia uchanganuzi wa mazungumzo pamoja na tafiti za adabu ya lugha.

1.0 Utangulizi

Katika isimu, neno toni hutumika zaidi kuhusu lugha ambazo kidatu cha sauti hutofautisha maana ya maneno, na Kiswahili sanifu hakimo katika kundi hilo. Katika makala haya neno hilo lina maana nyingine iliyozoeleka katika usemi wa kila siku, yaani namna msemaji anavyosikika kuelekea msikilizaji wake: ana hasira au utani, anaamuru au anaomba, anajali au anapuuza. Katika Kiswahili cha mdomo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiimbo. Tuchukue sentensi "Mbona hujala?" Ikitamkwa na mama kwa sauti ya chini, ni wasiwasi. Ikitamkwa na rafiki anayecheka, ni utani. Ikitamkwa kwa mkazo na mkato, ni lawama. Ikiandikwa, maneno na alama ni zilezile katika hali zote tatu, na msomaji ndiye anayeitia sauti.

Maneno mafupi ya kuitikia yana hali hiyohiyo, pengine kwa kiwango kikubwa zaidi. "Haya" inaweza kuwa ruhusa, kukubali, kukata tamaa au kejeli. "Sawa" inaweza kuwa ridhaa ya dhati au mlango unaofungwa. Mzungumzaji mzoefu hapati taabu kuyatofautisha akiyasikia. Timu ya masafa, yaani watu wanaogawana kazi moja huku kila mmoja akiwa mji wake, huyapokea maneno hayo mara nyingi kwa siku bila kuyasikia.

2.0 Mwandishi huusikia ujumbe wake

Mtu anayeandika huwa na sauti ya ujumbe wake kichwani, na ni vigumu kwake kuiondoa ili auone ujumbe kama utakavyoonwa na mwingine. Jambo hili lilipimwa na Justin Kruger na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Washiriki walituma kauli za kejeli na kauli za kweli, ama kwa barua pepe ama kwa sauti, kisha wakakisia ni ngapi zitatambuliwa ipasavyo. Waandishi wa barua pepe walitarajia kueleweka kwa takribani asilimia 78. Walieleweka kwa takribani asilimia 56, kiwango kisicho mbali na kubahatisha, kwa kuwa majibu yaliyowezekana yalikuwa mawili tu. Waliotumia sauti walifikia takribani asilimia 73.

Pengo hilo kati ya matarajio na matokeo lina uzito kuliko idadi ya makosa yenyewe. Mtu anayejua kwamba huenda hataeleweka hujieleza zaidi, lakini anayeamini kwamba ameshaeleweka huendelea na kazi nyingine. Kristin Byron, katika makala yake ya kinadharia ya mwaka 2008 kuhusu hisia katika barua pepe za kazini, anaongeza kwamba upotofu huu una mwelekeo: ujumbe wa furaha huelekea kusomwa kama wa kawaida, na ujumbe wenye ukali kidogo huelekea kusomwa kuwa mkali kuliko ulivyokusudiwa. Hata hivyo, tafiti hizi zinaeleza kosa la dakika moja. Hazielezi kwa nini kosa hilo bado linauma baada ya miezi miwili, na ndiyo sababu ya kugeukia kisa.

3.0 Kisa cha kijiko

Kisa hiki kinatokana na timu ya watu sita niliyoifanyia kazi nikiwa msomaji wa prufu. Tulikuwa tukitafsiri vijitabu vinne vya afya ya mtoto kutoka Kiingereza. Mratibu alikuwa Nairobi, Mfasiri alikuwa Unguja, nami nilikuwa Dar es Salaam. Mratibu alikuwa mwanamume mdogo kwa Mfasiri kwa miaka kama kumi. Wote wawili wameridhia kisa chao kitumike bila majina, na kila mmoja alinieleza upande wake kwa nafasi yake baada ya kazi kwisha.

Mfasiri alituma kijitabu cha kwanza kwa maneno haya: "Assalaam alaykum mdogo wangu. Habari za huko? Naomba upokee kijitabu cha kwanza. Nikikosea unisahihishe." Siku ya pili asubuhi alipata jibu: "Faili nimeona. Ukurasa wa 4 na wa 7 una makosa. Rekebisha utume kabla ya saa kumi." Mfasiri akajibu: "Sawa."

Mratibu aliandika ujumbe ule akiwa ndani ya matatu, huku mpiga chapa akimsubiri. Makosa aliyoyakusudia hayakuwa ya Mfasiri. Yalikuwa katika matini chanzi: namba mbili za jedwali la umri zilikuwa zimepishana, na tafsiri ilizihamisha kwa uaminifu kama zilivyo. Kwake yeye, kuandika kwa mkato lilikuwa jambo la kawaida baina ya watu waliokwisha kufahamiana, tena mwenzake alikuwa ameomba asahihishwe.

Mfasiri alisoma mambo matatu. Kwanza, kijana aliyestahili kumwamkia hakumwamkia hata kidogo. Pili, alitupiwa vitenzi vya amri vilivyo wazi: rekebisha, utume. Tatu, kazi yake imeitwa mbovu bila kuelezwa ubovu uko wapi. Ile kauli ya "nikikosea unisahihishe" ilikuwa unyenyekevu wa kawaida wa kukabidhi kazi, na hakutarajia ichukuliwe neno kwa neno. Alizipitia kurasa zile mbili mara tatu, hakuona kosa, akabadilisha maneno machache yasiyohitaji kubadilishwa, akatuma kabla ya saa kumi.

Jioni ile akapokea ujumbe wa pili: "Mbona namba hazijabadilishwa?" Mratibu anasema aliuliza kwa mshangao tu. Mfasiri alijibu kwa sentensi moja, "Nimefanya kama ulivyoagiza," na safari hii akamtumia nakala msimamizi mkuu wa mradi.

Tangu hapo Mratibu hakumwandikia moja kwa moja tena. Alipitisha maagizo kwangu. Mfasiri naye akawa anatuma kazi dakika za mwisho wa muda aliopewa, bila neno la ziada. Katika kijitabu cha nne, Mratibu alichapa mwenyewe jedwali la dozi ya dawa ya maji ya mtoto, na mahali pa "kijiko cha chai" akaandika "kijiko cha chakula". Kijiko cha chai katika vipimo vya dawa ni mililita 5, na cha chakula ni mililita 15, hivyo dozi ilikuwa mara tatu ya ile iliyokusudiwa. Mfasiri alipelekewa nakala iliyopangwa, akaliona kosa, akanyamaza. Mimi sikuliona. Lilinaswa na daktari aliyepitia nakala ya majaribio.

4.0 Zamu ya tatu

Maelezo ya haraka ya kisa hiki ni tofauti za kimaeneo. Ni kweli kwamba mzungumzaji wa Nairobi anaweza kusema "nipe" mahali ambapo wa Unguja angesema "naomba", na kila mmoja akawa na adabu kamili kwa mizani ya kwao. Ni kweli pia kwamba salamu katika Kiswahili si pambo. Saida Yahya-Othman, aliyechunguza adabu ya Waswahili katika makala yake ya mwaka 1994 na salamu zisizo na adabu katika makala ya mwaka 1995, ametuonyesha jinsi mambo haya yanavyofungamana na hadhi ya mtu mbele ya jamii yake. Lakini nasita kuishia hapo. Nimeshuhudia mkasa wa namna hii baina ya watu wawili waliokulia mtaa mmoja, na zaidi ya hayo, tofauti zilezile za usemi hutatuliwa kila siku sokoni na ofisini bila mtu kuweka kinyongo. Lililo la kuuliza ni kwa nini hapa hazikutatuliwa.

Jibu naliona katika makala ya Emanuel Schegloff ya mwaka 1992 kuhusu urekebishi wa mazungumzo. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, zamu ya kwanza ni ya msemaji. Katika zamu ya pili msikilizaji hujibu, na jibu lake, apende asipende, hudhihirisha alivyoelewa. Kwa hiyo zamu ya tatu humpa msemaji wa kwanza nafasi ya kusema: "Hapana, sikuwa na maana hiyo." Wazungumzaji hulindwa dhidi ya kutoelewana kwa mpango huu, na Schegloff anauona kama kinga ya mwisho iliyojengwa ndani ya mazungumzo yenyewe. Baada ya hapo kila mmoja huondoka na maana yake.

Ujumbe andishi haukuifuta zamu ya tatu. Uliondoa taarifa inayoiamsha. "Sawa" ya Mfasiri ilikuwa zamu ya pili iliyojaza nafasi bila kudhihirisha uelewa wowote. Ingesikika kwa simu, Mratibu angetambua baridi yake, angeuliza "Vipi dada, kuna tatizo?", na suala la namba lingejulikana katika nusu dakika. Kwenye kioo cha simu ilikuwa herufi nne na nukta, na kwa mtu anayengojwa na mpiga chapa, jibu fupi kama lile ni habari njema. Hakuwa na sababu ya kuitumia zamu yake ya tatu, kwa kuwa hakuna kilichomwambia kwamba anaihitaji.

Liko jambo jingine dogo linalostahili kutajwa. Mazungumzo ya ana kwa ana yana mwanzo na mwisho. Tukiachana jioni na kukutana asubuhi, wote tunajua kwamba mazungumzo mapya yanaanza na salamu ni wajibu. Uzi wa ujumbe wa simu haufungwi. Mratibu aliona kwamba anaendelea na mazungumzo ya jana, yaliyokwisha kupata salamu zake. Mfasiri aliona siku mpya iliyoanza bila hodi. Hakuna kanuni iliyokubaliwa ya kuamua nani yuko sahihi, na nadhani malalamiko mengi ya "haniamkii" katika vikundi vya kazi yana asili hii.

5.0 Kusoma kulikokuwa sahihi

Hadi kufikia "Mbona namba hazijabadilishwa?" kila kilichotokea kilikuwa kutoelewana. Nakala aliyotumiwa msimamizi ilikuwa jambo la aina nyingine. Mratibu aliisoma kama mashtaka, na alisoma sawasawa. Mfasiri mwenyewe aliniambia kwamba alitaka awepo shahidi. Naye alipoona maagizo yanapitishwa kwangu, alisoma kwamba anakwepwa, na kweli alikuwa anakwepwa. Kuchelewesha kazi hadi dakika ya mwisho kulisomwa kama ugumu wa makusudi, na ndivyo kulivyokuwa.

Hapa ndipo maelezo yaliyozoeleka ya tatizo hili yanapopungukiwa. Hudhaniwa kwamba kinyongo ni kosa la usomaji lililokuzwa, hivyo kikifafanuliwa kitayeyuka. Katika kisa hiki kosa la usomaji lilidumu siku moja. Siku zilizobaki zilijaa vitendo halisi vya kujilinda na kulipiza, kila kimoja kikiwa ushahidi wa kweli mikononi mwa mwenzake. Yeyote angepewa ujumbe wote wa miezi miwili, akaondolewa ule wa kwanza tu, angekubaliana na wote wawili kwamba mwenzake hampendi.

Umbali uliwasaidia kufika hapo kwa njia mbili. Ya kwanza ilielezwa na Catherine Cramton mwaka 2001 alipochunguza timu zilizotawanyika: watu wasioona mazingira ya wenzao huelekea kuyaeleza matendo yao kwa tabia badala ya hali. Mfasiri hakuiona matatu, hakumwona mpiga chapa. Aliyaona maneno tu, na maneno bila mazingira hueleza tabia ya mtu. Ya pili ni kwamba maandishi hubaki. Neno la mdomo hufifia katika kumbukumbu na hata hulainika likisimuliwa, lakini Mfasiri alikiri kwamba aliurudia ujumbe ule wa kwanza mara nyingi, hasa kila alipopata agizo jipya kupitia kwangu. Kila mara aliusoma kwa sauti ya mtu anayemfahamu sasa, ambayo haikuwa sauti ya aliyeuandika siku ile.

6.0 Dalili

Kwa kuwa kinyongo cha namna hii hakitangazwi, mtafiti au kiongozi wa timu atakitambua wapi? Katika kisa chetu lugha ya matusi haikutumika hata mara moja, na atakayetafuta ukali hatapata kitu. Kilichobadilika ni kwamba adabu iliongezeka. "Mdogo wangu" ikawa "Ndugu Mratibu". "Dada" ikawa "Mfasiri". Maombi yaliyokuwa na mzaha yakawa na "tafadhali rejea" na "kama nilivyoeleza awali". Katika Kiswahili, majina ya undugu baina ya watu wasio ndugu ni dhamana ya hiari, na mtu anaweza kuyaondoa bila kuvunja kanuni yoyote ya adabu. Anayeumia hupata humo njia ya kujitenga ambayo hakuna anayeweza kumlaumu kwayo.

Dalili nyingine zilikuwa nakala kwa mkubwa katika jambo lisilomhusu, mtu wa tatu kugeuzwa mjumbe, na hatimaye maswali kukoma. Hii ya mwisho ndiyo ilinipita mimi. Katika kijitabu cha kwanza Mfasiri alikuwa ameuliza maswali 11 kuhusu istilahi. Katika cha nne hakuuliza hata moja, nami nikadhani amekwisha kuizoea kazi.

Ni lazima kuongeza kwamba si kila toni kali husomwa vibaya. Wapo viongozi wanaoandika kwa dharau na kusomwa ipasavyo, na kumwambia mpokeaji kwamba "ameelewa vibaya" katika hali hiyo ni kumwongezea jeraha. Kipimo nilichokiona kina manufaa ni kulinganisha: je, mwandishi huandika hivyohivyo kwa wakubwa wake? Mratibu aliandika hivyohivyo kwa kila mtu, akiwemo msimamizi. Lau angemwamkia msimamizi na kumwamuru Mfasiri, uchambuzi huu ungekuwa mwingine.

7.0 Urekebishi na mpaka wake

Baada ya daktari kulinasa kosa la kijiko, msimamizi aliwaunganisha wote wawili kwa simu. Suala la ujumbe wa kwanza lilikwisha haraka. Mratibu alieleza kwamba makosa yalikuwa ya matini chanzi, Mfasiri akasema "Kumbe!" na wote wakacheka. Kisha Mratibu akasema: "Lakini dada, kile kijiko ulikiona." Hapakuwa na kumbe ya kujibu hilo.

Timu ilibadilisha taratibu mbili. Kwanza, kila sahihisho sasa hutaja chanzo cha kosa: matini chanzi, tafsiri au upangaji. Sentensi "ukurasa wa 4 una makosa" haiandikwi tena bila kusema makosa hayo yametoka wapi. Pili, na hili ndilo ninaloliona la msingi kinadharia, agizo halijibiwi kwa "sawa". Mpokeaji huandika atakachofanya: "Nitabadilisha namba za jedwali, ukurasa wa 4." Laiti kanuni hiyo ingekuwapo siku ya kwanza, Mfasiri angelazimika kuandika kitu kama "Nitapitia upya lugha ya ukurasa wa 4 na wa 7", na Mratibu angeona papo hapo kwamba hawazungumzi jambo moja. Kanuni haimtaki mtu aeleze hisia zake, jambo ambalo mdogo wa cheo hawezi kumfanyia mkubwa wake kwa urahisi. Inairudishia zamu ya pili kazi yake ya kudhihirisha uelewa, ili zamu ya tatu ipate cha kurekebisha.

Ujumbe wa sauti ulijaribiwa pia. Ulirudisha kiimbo, lakini maagizo yenye namba za kurasa yalipotea ndani yake, na baada ya wiki tatu watu walirejea kwenye maandishi kwa kazi na kuiachia sauti salamu za asubuhi.

Taratibu hizi huzuia kosa la kwanza. Hazigusi vitendo vilivyofuata, kwa sababu hivyo havikuwa kosa la lugha. Mfasiri na Mratibu walimaliza kijitabu cha nne na wameshirikiana katika kazi nyingine mbili tangu hapo. Makosa ya majedwali huripotiwa siku hiyohiyo, kwa ukurasa na mstari, na salamu hutangulia kila ujumbe. Bado anamwita Ndugu Mratibu.